Hajachelewa Hata Rejesho Moja, Lakini Anadaiwa Deni Lote

Mwaka juzi mama mmoja mwenye mashine ya kusaga na kukoboa, mkazi wa Handeni mjini, alikuja ofisini kwetu na bahasha mbili. Ya kwanza ilikuwa na stakabadhi tisa za marejesho ya mkopo, zote zimelipwa kabla ya tarehe. Ya pili ilikuwa na barua ya mkopeshaji wake wa Korogwe, ikimwambia kwamba amevunja mkataba na kwamba deni lote linaweza kudaiwa kwa mkupuo.

"Mratibu," alisema, "mimi sijachelewa hata mwezi mmoja. Nimevunja nini?"

Swali lake ni la watu wengi katika sharika zetu. Wengi wanajua kwamba asiyelipa atauziwa nyumba. Wachache wanajua kwamba anayelipa vizuri naye anaweza kufika kwenye mnada. Tukifuata mkopo wa mama huyu hatua kwa hatua, tutaona jinsi hilo linavyotokea na mahali ambapo mtu anaweza kujinasua.

Mkopo wenyewe

Mama alikopa shilingi 12,000,000 kwa miezi 24 ili anunue mashine. Kila mwezi alitakiwa kurudisha shilingi 500,000 za mtaji, pamoja na riba ya asilimia 2 ya deni lililobaki. Baada ya marejesho tisa alikuwa amelipa shilingi 4,500,000 za mtaji na kubakiza shilingi 7,500,000. Riba ya mwezi wa kumi ilikuwa shilingi 150,000, kwa hiyo rejesho la mwezi huo lilikuwa shilingi 650,000.

Dhamana zilikuwa mbili. Moja ni mashine yenyewe. Ya pili ni kiwanja chenye hati na nyumba ya familia juu yake, ambacho kiliwekwa rehani. Mumewe alisaini pia, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mwenzi pale nyumba ya familia inapowekwa rehani.

Mama aliusoma ukurasa wa marejesho mpaka akaukariri. Kurasa zilizofuata hakuzisoma.

Ahadi zilizo nyuma ya ukurasa wa marejesho

Katika kurasa hizo mkopaji hutoa ahadi nyingine zaidi ya ile ya kulipa. Mama huyu aliahidi kutumia fedha kwa kazi aliyoiombea, kutouza wala kuhamisha mashine bila kibali cha maandishi, kutokopa mahali pengine bila kibali cha maandishi, na kutoa taarifa likitokea jambo la kudhoofisha biashara yake.

Ahadi hizi si hila. Mkopeshaji ametoa fedha zake na hawezi kukaa pale mashine inapofanyia kazi kila siku. Mashine ikihamia wilaya nyingine, afisa wake haioni tena. Mkopaji akichukua mkopo wa pili, pato lile lile linagawanywa kwa wadai wawili. Ahadi ni njia ya mkopeshaji kujua hatari mapema, kabla rejesho halijakosekana.

Ugumu uko hapa: mkataba huorodhesha mambo yanayohesabiwa kuwa ni uvunjaji, na kuchelewa kulipa ni moja tu kati ya hayo. Kuvunja ahadi yoyote kati ya nyingine nako kumo katika orodha hiyo hiyo, na adhabu yake ni ile ile.

Kosa lilivyotokea

Mwaka ule mvua zilikuwa haba Handeni na mahindi yakapungua. Mashine ikawa inalala siku nne katika wiki. Mama akafanya ambalo mfanyabiashara yeyote mwenye akili angefanya: aliihamishia Mombo, wilaya ya Korogwe, karibu na skimu ya umwagiliaji, ambako kulikuwa na mpunga wa kukoboa. Ili apate gharama za usafiri na za kuifunga mashine, alikopa shilingi 800,000 kwa mkopeshaji mwingine mdogo. Kazi ikachangamka na marejesho yakaendelea.

Kwa macho ya biashara alikuwa ameokoa mkopo. Kwa macho ya mkataba alikuwa amevunja ahadi mbili kwa mkupuo, kuhamisha dhamana na kukopa pengine.

"Lakini nilimpigia simu afisa mikopo," alisema, "akaniambia hakuna shida, mama, endelea."

Sina shaka ndivyo alivyoambiwa. Lakini mkataba ulisema kibali kiwe cha maandishi, na afisa yule alikuwa amehamishiwa tawi jingine. Mkataba ulisema pia kwamba mkopeshaji akipokea marejesho baada ya kosa hahesabiwi kuwa amelisamehe. Kwa hiyo zile stakabadhi za miezi iliyofuata baada ya kuhama hazikumkinga.

Hatari ilikuwa pia katika mkopo ule mdogo. Mkataba mkubwa ulisema kwamba mkopaji akishindwa kulipa deni lake lolote kwa mtu mwingine, nao huo utahesabiwa umevunjwa. Maana yake, kama angekwama kwenye shilingi 800,000, nyumba yake ingeingia hatarini kwa ajili ya deni ambalo halikuwekewa nyumba.

Deni kuiva lote kwa siku moja

Mkataba unapovunjwa, mkopeshaji anapata haki ya kufuta ratiba ya miezi na kudai kilichobaki chote mara moja. Katika hesabu ya mama, badala ya rejesho la shilingi 650,000, angedaiwa shilingi 7,650,000, yaani mtaji wote uliobaki pamoja na riba ya mwezi ule.

Hapa ndipo mkopaji mdogo anapoumia zaidi kuliko mkubwa. Kampuni kubwa inaweza kwenda kukopa kwingine na kulipa. Mama wa mashine hana shilingi milioni saba ndani. Fedha zimekuwa chuma kilichofungwa Mombo. Mtu aliyemudu kulipa kila mwezi anageuzwa kuwa mtu asiyeweza kulipa, ingawa pato lake halijabadilika hata kidogo.

Sheria inampa siku ngapi

Kwa rehani ya ardhi, mkopeshaji hawezi kuandika barua leo na kunadi kesho. Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2008, inamtaka kwanza atoe notisi ya maandishi. Katika toleo la sheria hiyo la mwaka 2019 jambo hili liko kifungu cha 127, nacho kinahusu kosa la malipo na pia kosa la kuvunja ahadi nyingine. Notisi lazima ieleze kosa ni nini na ukubwa wake, na kwamba mkopeshaji anaweza kutumia haki zake juu ya ardhi ile. Lazima ieleze pia kwamba siku 60 zikipita tangu mkopaji alipoipokea, deni lote litadaiwa na ardhi inaweza kuuzwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza tulilomwambia mama ni kuandika juu ya bahasha tarehe aliyoipokea, na kutunza bahasha hiyo. Siku zinahesabiwa tangu kupokea. Jambo la pili lilikuwa kuangalia kama barua inataja kosa waziwazi. Ilitaja yote mawili, na hilo lilimsaidia, maana alijua nini cha kurekebisha.

Siku hizo 60 ni za ardhi. Mashine haina kinga hiyo, kwani mali inayohamishika hufuata kwanza yaliyoandikwa katika mkataba wake, na mikataba mingi inaruhusu ichukuliwe haraka zaidi. Mama angeweza kuipoteza mashine inayolipa mkopo huku nyumba ikiwa bado katika siku za kusubiri. Ndiyo maana tulimwambia asisubiri siku ya 59.

Kama mambo yangefika kwenye mnada, bado kuna mipaka. Dalali anapaswa kutoa tangazo kwa umma siku zisizopungua 14 kabla ya kunadi ardhi. Mkopeshaji naye ana wajibu wa kutafuta bei bora inayoweza kupatikana. Ardhi ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya wastani ya ardhi kama hiyo sokoni, sheria inadhani kwamba ameuvunja wajibu huo mpaka athibitishe vinginevyo. Lakini hizo ni hoja za mahakamani, na kesi ina gharama. Ni heri kumaliza ndani ya siku 60.

Alivyojinasua

Mama alianza na mkopo mdogo. Aliumaliza kwa pato la mpunga na kupata barua ya mkopeshaji yule kwamba hadaiwi. Kisha aliandika barua Korogwe akieleza mashine iko wapi na kwa nini, akaambatanisha daftari la mauzo ya Handeni na la Mombo ili tofauti ionekane, akaomba kibali cha mashine kubaki huko, na akamkaribisha afisa aje aikague. Nakala ilipigwa mhuri wa kupokelewa.

Afisa alikuja, akaikuta mashine inafanya kazi. Mkopeshaji alitoa kibali na kuiondoa notisi, yote kwa maandishi. Mama alilipishwa gharama za notisi. Hakuondoka mpaka alipopata barua hiyo mkononi, kwa kuwa notisi isiyoondolewa kwa maandishi ingeweza kuibuliwa tena.

Neno kwa kamati za sharika

Mikataba ya wakopaji wadogo mara nyingi huwa imeshachapwa, na si rahisi kuibadilisha. Hata hivyo mkopaji anaweza kuomba sharti moja liongezwe kabla ya kusaini: kwamba kwa kosa lisilo la malipo apewe taarifa na siku kadhaa za kurekebisha kabla deni lote halijadaiwa. Wapo wakopeshaji wanaokubali, kwa sababu nao hawapendi minada.

Kamati nazo zijihadhari na barua zinazoandika. Muumini akiomba barua ya utambulisho kwa ajili ya mkopo, iseme kwamba anafahamika na anaishi wapi. Isiseme "tunamdhamini". Kwa sheria yetu ya mikataba, mdhamini anabeba mzigo sawa na wa mkopaji, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Kwa hiyo siku deni la mkopaji linapoiva lote, kwa mdhamini nako linaiva lote, hata kama mkopaji hajawahi kuchelewa rejesho.