Jinsi hesabu inavyoinua milima

Ulimwengu wa gemu ya Minecraft una upana wa vitalu milioni 60, na hakuna aliyekaa akauchora kilima kwa kilima. Mchezaji anaposonga mbele, programu inapiga hesabu ya ardhi inayomkabili papo hapo. Mzizi wa hesabu hiyo ni kazi ya Ken Perlin, Mmarekani aliyeshiriki kutengeneza filamu ya Tron ya mwaka 1982 na kuchoshwa na picha za kompyuta za wakati ule, zilizokuwa nyororo mno kufanana na kitu halisi. Alichapisha njia yake mwaka 1985, na mwaka 1997 ikampatia tuzo ya ufundi kutoka kwa waandaaji wa Oscar.

Ukiipa kila nukta kimo cha bahati nasibu hupati mlima. Unapata chengachenga za televisheni isiyo na stesheni, kwa kuwa kimo cha nukta moja hakihusiani na cha jirani yake. Perlin alitandaza gridi ya miraba, na kwenye kila kona hakuweka kimo bali mshale wa nasibu unaoonyesha ardhi inapanda kuelekea wapi. Kimo cha kona yenyewe ni sifuri. Sasa chukua nukta yoyote ndani ya mraba. Kila moja ya kona nne ina jibu lake: ukifuata mteremko wangu hadi hapo, utakuwa umepanda au kushuka kiasi fulani. Majibu hayo manne yanachanganywa, kona iliyo karibu ikipewa uzito mkubwa zaidi, na ardhi inatoka bila mikwaruzo.

Hizo sifuri za kwenye kona huwatesa wanaoanza. Wanaingiza namba kamili tupu, 1, 2, 3, yaani wanapima konani pekee, kisha wanashangaa kuona uwanja bapa kama meza. Dawa ni kugawa umbali kwanza, kwa mfano kwa 800, ili mraba mmoja uwe na upana wa mita 800.

Tabaka moja la namna hii hutoa vilima vya mviringo visivyo na makunyanzi. Kwa hiyo tunaongeza matabaka mengine, yanayoitwa oktavu. Kila oktavu ina miraba yenye nusu ya upana wa iliyotangulia, na nguvu yake hupunguzwa kwa namba moja, udumifu. Kwa lugha ya Python:

```
h = 0; A = 100; f = 1/800
for i in range(4):
    h += A * noise(x*f, y*f)
    A *= 0.5
    f *= 2
```

Tuseme mahali fulani oktavu nne zimetoa 0.4, -0.2, 0.6 na 0.2. Nguvu zake ni mita 100, 50, 25 na 12.5, kwa hiyo tunajumlisha 40, tunatoa 10, tunaongeza 15 na 2.5. Kimo ni mita 47.5.

Udumifu wa 0.5 haukuchaguliwa ovyo. Upana ukipungua nusu na kimo nusu, ukali wa mteremko unabaki uleule kwenye kila oktavu. Ukiupandisha hadi 0.8, oktavu ya nne inabaki na nguvu ya mita 51 ndani ya miraba ya mita 100, na vijilima vidogo vinakuwa vikali kuliko mlima vilivyoukalia. Ardhi inachongoka kila mahali, hata pa kujenga kibanda hupati. Ukiushusha hadi 0.3, unarudi kwenye vilima vya mviringo.

Kimo kikishapatikana, vizingiti huamua ni ardhi gani: chini ya 0 ni bahari, hadi mita 5 ni mchanga, juu ya 60 ni mwamba. Katikati hapo tunahitaji tabaka la pili, la unyevu, lenye mishale yake tofauti. Mita zetu 47.5 zikikutana na unyevu mdogo tunapata mbuga ya nyasi, zikikutana na mwingi tunapata msitu. Tabaka la unyevu lipewe oktavu moja au mbili tu, la sivyo mpaka wa msitu unajaa vidoadoa vya miti mitatu mitatu. Tena thamani hizi hurundikana karibu na sifuri. Anayegawa unyevu kuanzia -1 hadi 1 katika mafungu manne sawa atakuta jangwa lake karibu halipo, na itabidi asogeze vizingiti ndani.

Jambo moja njia hii hailiwezi ni mto. Kila nukta hukokotolewa peke yake, bila kujua maji yametoka wapi. Wengi huchukua tabaka jingine na kuchimba pale linapokaribia sifuri, tuseme kati ya -0.03 na 0.03, na hapo hutokea mstari mwembamba unaojipinda. Mstari huo hukatisha hata mlimani, kwa hiyo sakafu yake hushushwa chini ya usawa wa bahari, na mto unageuka kuwa bonde lenye maji yaliyosimama.