Kwa nini "occasion" ina c mbili na s moja

Wengi wanaoandika mwaliko kwa Kiingereza hukwama kwenye neno "occasion". Huyu ataandika "ocassion", yule "occassion". Wanaokosea hulikariri neno zima kama mfuatano wa herufi, wakati c mbili na s moja zina asili tofauti kabisa.

Tuanze na c. Neno limetoka Kilatini: kiambishi "ob" kimeunganishwa na kitenzi "cadere", yaani kuanguka. B ilipogusana na c ikamezwa, ikawa c. Kiswahili nacho kina tabia hiyo: tunasema nyumba nzuri, lakini n hiyo hiyo hugeuka m tunaposema nyumba mbaya. Kwa hiyo c ya kwanza ni ya kiambishi, ya pili ni ya mzizi, na ukiacha moja umekata kipande cha neno. "Offer" na "oppose" zimepata herufi zao pacha kwa kiambishi hicho hicho.

S ina habari nyingine, maana iko ndani ya mzizi wenyewe. Quintilian, mwalimu wa ufasaha wa Roma katika karne ya 1, ameeleza kwamba enzi za Cicero watu bado waliandika "cassus" kwa s mbili, neno linalotokana na "cadere" vilevile. Baadaye s moja ikadondoka, kwa kuwa irabu iliyotangulia ilikuwa ndefu. Penye irabu fupi s mbili zilibaki, na ndizo tunazoziona katika "passion" na "mission".

Tofauti hiyo bado inasikika. Weka kidole kooni utamke "passion": katikati ya neno ni sh ya kawaida, na koo linatulia. Ukitamka "occasion" jinsi Waingereza wanavyoitamka, pale penye s koo linatetemeka. Baada ya irabu, mtetemo huo karibu kila mara huandikwa kwa s moja: "invasion", "decision", "vision". Wengi wetu hutamka sh kotekote, kwa sababu sauti hiyo ya mtetemo haimo katika Kiswahili, na hapo ndipo s ya ziada inapoingilia.

Sasa lijaribu "necessary". Kiambishi "ne" kinaishia kwa irabu, hakina konsonanti ya kumezwa, basi c ni moja. Mzizi "cess" una s zake mbili, kama katika "process". Badala ya "ne" weka "sub", nayo b imezwe: unapata "success", mbili kwa mbili. "Recommend" nayo ni "re", "com" na "mend", kwa hiyo c moja, m mbili.

Njia hii haifiki kwenye viambishi tamati vya Kiingereza chenyewe. Katika "committed", m mbili ni za Kilatini, "com" na "mit", lakini t ya pili imeongezwa na Kiingereza kwa sababu mkazo uko kwenye silabi "mit". "Visited" ina t moja kwa kuwa mkazo wake uko mwanzoni.