Uonevu Shuleni: Fimbo Haiuponyi

Katika mikutano yetu na wananchi wa mipakani, wazazi hutuletea malalamiko ya watoto kupigwa, kunyang'anywa chakula au kudhihakiwa na wenzao shuleni. Mara nyingi anayeonewa ni mtoto aliyevuka mpaka hivi karibuni, ambaye lafudhi yake huchekwa kila afunguapo kinywa. Wengi hutuomba tumwadhibu mkosaji. Hapa tunaeleza kwa nini adhabu ya mtoto mmoja haitoshi, na ni njia gani iliyojaribiwa nchini mwetu.

Tuanze na anayeonewa. Uonevu si ugomvi wa siku moja. Ni maudhi yanayorudiwa na mwenye nguvu zaidi, naye mtoto hujua kwamba kesho yatakuja tena. Kwa hiyo akili yake haipumziki. Mwalimu akifundisha kugawanya, yeye anawaza atapita njia gani wakati wa mapumziko. Hanyooshi mkono kuuliza, kwa kuogopa kuchekwa. Basi somo ambalo hakulielewa leo linamzuia kuelewa la kesho. Nyumbani huwa mnyonge au mkali bila sababu, usingizi humpaa, na asubuhi za shule hulalamikia tumbo lakini Jumamosi huwa mzima. Mzazi akiona hayo pamoja na daftari zilizochanika au alama zinazoshuka ghafla, asimwite mvivu. Amuulize kwa upole ni mahali gani shuleni asipopenda kwenda, na ni saa ngapi.

Sasa tuitazame shule. Mwalimu akimchapa mwonevu mbele ya wenzake, darasa zima hujifunza kwamba mwenye nguvu ana haki ya kumpiga mnyonge. Aliyechapwa naye hulipiza kisasi njiani, mahali pasipo na mwalimu. Isitoshe, tangu marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016, adhabu ya viboko imepigwa marufuku katika shule za Uganda.

Shirika la Raising Voices la hapa Kampala liliandaa mpango unaoigusa shule yote, si mkosaji peke yake. Hatua zake ni sita. Kwanza huundwa kamati ya walimu, wanafunzi na wazazi. Kisha shule hujipima na kupanga malengo yake. Hufuata uhusiano mwema wa mwalimu na mwanafunzi, nidhamu isiyo ya fimbo, mazingira salama, na mwisho uongozi unaoyalinda mabadiliko hayo. Wanafunzi wenyewe hushiriki kutunga kanuni na kusikiliza makosa madogo ya wenzao.

Mpango huo ulipimwa wilayani Luwero, kaskazini mwa Kampala, kati ya mwaka 2012 na 2014. Shule za msingi 42 ziligawanywa kwa kura: 21 ziliutumia kwa miezi 18, na 21 zikasubiri. Mwishoni, katika shule zilizosubiri, takriban wanafunzi 49 kati ya 100 walisema walipigwa na mfanyakazi wa shule katika wiki iliyopita. Katika shule za mpango walikuwa 31. Mapigo na matusi baina ya wanafunzi wenyewe nayo yalipungua, hasa kwa wavulana. Watoto walijiona salama zaidi shuleni.

Hata hivyo, alama za mitihani hazikupanda katika muda huo, wala dalili za majonzi hazikupungua kwa kiasi cha kuonekana. Jeraha la moyo na masomo yaliyopotea huchelewa kupona hata baada ya kipigo kukoma. Kwa sababu hiyo, shule isiuache mpango kwa kuwa matokeo ya muhula mmoja hayakubadilika. Na mtoto aliyeumizwa apewe mtu wa kumsikiliza na msaada wa kufidia masomo yaliyompita.

Kwa shule ya mpakani, tunashauri ianze na jambo moja. Wanafunzi wa kila darasa wachore ramani ya shule na njia ziendazo huko, na bila kuandika majina waweke alama mahali wanapoogopa. Alama zikijaa penye vyoo au kisima, mwalimu wa zamu asimame hapo wakati wa mapumziko. Baada ya mwezi ramani ichorwe upya. Hofu ikiwa imehamia nyuma ya madarasa, kamati itajua kwamba uonevu haujakoma, umehama tu.

Yapo mambo ambayo kamati ya shule haina mamlaka ya kuyasuluhisha: jeraha kubwa, tishio la silaha na udhalilishaji wa kingono. Hayo yaletwe mara moja katika Kitengo cha Ulinzi wa Familia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au mpige simu ya watoto 116 bila malipo. Mtoto wa nchi jirani akidhurika upande wetu, analindwa na sheria ileile.