Kisangani: Anayetaka kuuza asiransi ajue kwanza pesa ya mteja ni ya nani

Kwa zaidi ya miaka 50, mtu wa Kisangani aliyetaka bima ya gari au pikipiki, ile watu wanayoita asiransi, alikuwa na mlango mmoja tu: SONAS, kampuni ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1966. Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilifuta ukiritimba huo. Mwaka 2019 kampuni za kwanza za watu binafsi zikapata kibali cha ARCA, mamlaka inayosimamia bima nchini, nazo zinahitaji wauzaji.

Nchini Kenya, wakala mpya hufanya kwanza mtihani wa Chuo cha Bima cha Nairobi, kisha huomba leseni ambayo huisha tarehe 31 Desemba, hata kama aliipata Oktoba. Kongo, mzigo mkubwa uko kwenye faili inayopelekwa ARCA. Mwombaji huonyesha diploma au uzoefu wake wa kazi, na kwamba hajawahi kuhukumiwa kwa wizi au udanganyifu.

Kuna kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Wakala huuza kwa jina la kampuni, na kampuni hubeba makosa anayoyafanya akiwa kazini. Dalali hufanya kazi kwa ajili ya mteja na kumtafutia bei katika kampuni mbalimbali. Kwa sababu hana kampuni nyuma yake, dalali hutakiwa kuweka dhamana ya fedha, na yeye mwenyewe kuwa na bima ya makosa ya kazi.

Tofauti hiyo huonekana siku ya ajali. Tuchukue mfano wa mwenye pikipiki wa komini ya Makiso anayelipa dola 100. Kama komisheni ni asilimia 10, muuzaji ana dola 10 tu, na zile 90 ni za kampuni. Muuzaji anazishika wiki mbili ili anunue mchele wa kuuza, akitumaini kuzirudisha. Katikati ya wiki hizo pikipiki inamgonga mtu. Ikiwa aliyepokea ni wakala aliyeruhusiwa kukusanya pesa, kampuni haiwezi kumwambia mteja kwamba hakulipa. Itamlipa aliyeumia, kisha itamfuata wakala wake, pengine hadi mahakamani. Ikiwa ni dalali asiye na ruhusa hiyo, kampuni inaweza kusema haijaona kitu, na mteja atabaki kuitafuta dhamana ya dalali.

Ndiyo maana kibali ni mwanzo tu. Muuzaji huendelea kutoa risiti kwa kila malipo, kutenga pesa ya kampuni na yake, na kuifikisha ndani ya muda wa mkataba. Dalali naye akiacha dhamana au bima yake iishe, anapoteza sharti lililompa kibali.

Mteja wa Kisangani anaweza kuomba namba ya kibali kabla ya kulipa, kisha kuilinganisha na orodha inayotolewa na ARCA. Muuzaji anayekwepa swali hilo asipewe pesa.