Dhana Iliyokaa Mahali pa Hitimisho

Mwaka 1575 kilichapishwa kitabu cha hesabu cha Francesco Maurolico, mwanahisabati wa Messina, Sisilia. Humo alithibitisha jambo linalopendeza hata kwa asiyependa hesabu: ukijumlisha namba witiri kwa mfuatano kuanzia 1, jumla huwa sawa na idadi ya namba hizo ikizidishwa kwa yenyewe. Namba mbili, 1 + 3, hutoa 4. Namba tatu, 1 + 3 + 5, hutoa 9. Namba nne hutoa 16.

Wanafunzi wa hisabati ya juu bado hupewa jambo hilo kama zoezi: thibitisha kwa induksheni kwamba 1 + 3 + 5 + … + (2n − 1) = n². Kuna jibu moja ambalo hukatwa kwa kalamu nyekundu, na mwenye daftari hubaki na uchungu kwa sababu kila mstari wake wa hesabu ni sahihi.

Mwanafunzi huyo huanza vizuri. Kwa n = 1, kushoto ni 1 na kulia ni 1. Kisha huandika: “Tuchukulie kwamba kauli ni kweli kwa n = k + 1,” yaani 1 + 3 + … + (2k − 1) + (2k + 1) = (k + 1)². Anatoa 2k + 1 pande zote mbili. Kulia kunabaki k² + 2k + 1 − 2k − 1, ambayo ni k². Amepata kauli ya k, naye anahitimisha kwamba kauli ni kweli kwa kila n.

Hapo kutoa ni sahihi na k² ni sahihi. Kosa liko kwenye mwelekeo. Induksheni hudai tuonyeshe kwamba kauli ikiwa kweli kwa k, basi ni kweli pia kwa k + 1. Hapo ndipo 1 inatufikisha kwenye 2, 2 kwenye 3, na kuendelea bila kikomo. Mwanafunzi ameonyesha kinyume chake: ikiwa kweli kwa k + 1, ni kweli kwa k. Kwa njia hiyo 3 inatupa 2, na 2 inatupa 1. Lakini nani ametupa 3? Alichokithibitisha ni 1 peke yake, na kutoka hapo njia yake haipandi.

Anayeona huo ni ukali wa mwalimu tu na ajaribu njia hiyohiyo kwenye kauli hii: “Kila namba ya kuhesabia n ni ndogo kuliko 100.” Kwa n = 1 ni kweli. Tuchukulie ni kweli kwa k + 1, yaani k + 1 < 100. Kwa kuwa k ni ndogo kuliko k + 1, basi k < 100. Kila hatua imekamilika kama ilivyokamilika kwenye daftari lile, na bado 100 yenyewe inaikanusha kauli. Njia inayoweza kuthibitisha uongo haiwezi kupewa alama hata inapoangukia kwenye jambo la kweli.

Nadhani chanzo chake mara nyingi ni ubao. Mwalimu huandika mlinganyo wa k + 1 mapema, ili darasa lione linakoelekea, na mwanafunzi hunakili shabaha hiyo kama mstari wake wa kwanza. Dawa ninayoiamini ni kuuacha mlinganyo mzima na kuandika upande wa kushoto tu wa k + 1:

1 + 3 + … + (2k − 1) + (2k + 1)

Sehemu inayoishia kwenye 2k − 1 tumeruhusiwa kuiita k², kwa kuwa ndiyo dhana yetu. Inabaki k² + 2k + 1, ambayo ni (k + 1)². Upande wa kulia umejitokeza wenyewe mwishoni.

Kweli, kutoa 2k + 1 kunageuzika: ukianzia chini na kujumlisha badala ya kutoa, unapata uthibitisho halali. Lakini si kila hatua hugeuzika. Ukianza na −3 = 3 na kuzidisha kila upande kwa wenyewe, unapata 9 = 9, jambo la kweli lililozaliwa na uongo. Ndiyo maana msahihishaji hawezi kukugeuzia kazi kichwani mwake. Ugeuzaji ni sehemu ya uthibitisho.

Kushuka nako kuna mahali pake. Mwaka 1821 Augustin-Louis Cauchy alithibitisha kwamba wastani wa kawaida wa namba chanya haupungui wastani wake wa kijiometri. Kwanza alipanda kwa kuongeza maradufu: namba 2, 4, 8, 16, na kuendelea. Kisha akashuka. Ukiwa na namba 5, unaongeza namba tatu, kila moja ikiwa sawa na wastani wa zile tano, zinakuwa 8, na kutoka kwenye kauli ya 8 unapata kauli ya 5. Hapo kuanzia kwenye namba kubwa ni halali, kwa sababu 8 ilikwisha kuthibitishwa kabla ya kutumiwa.