Barua kwa Mwenzetu Aliyekosa Cheo

"Tunakushukuru kwa kuomba nafasi hii. Kwa kuwa waombaji walikuwa wengi, tunasikitika kukufahamisha kwamba hukufanikiwa. Tunakutakia kila la heri."

Barua hii inamfaa mtu wa nje ambaye pengine hamtaonana tena. Mtu wa ndani kesho asubuhi atakuwa kazini kama kawaida, na aliyeipata nafasi huenda ndiye atakayekuwa mkuu wake. Anajua fika kwamba waombaji hawakuwa wengi, walikuwa watatu, na wote watatu hula chakula cha mchana meza moja. Akiisoma, anaelewa jambo moja tu: miaka yake hapa haikuhesabiwa. Katika kazi yangu ya rasilimali watu nimepokea barua za kuacha kazi kutoka kwa watu hodari, na nilipokaa nao nikagundua kwamba kukosa cheo walikuwa wamekubali. Kilichowaondoa ni kutoambiwa sababu.

Barua nzuri hutanguliwa na mazungumzo. Mhusika aitwe kabla jina la aliyechaguliwa halijabandikwa ubaoni, aambiwe ana kwa ana na mkuu wake wa kazi, kisha barua imfuate baada ya siku mbili au tatu. Siku ya kwanza mtu husikia neno "hapana" tu, mengine yanampita. Barua ndiyo atakayoisoma nyumbani usiku, mara ya pili na ya tatu, kwa hiyo sababu na hatua zikae humo.

Sababu hizo huchotwa kwenye karatasi za usaili. Tuchukue mfano wa mtunza ghala wa kampuni ya kusambaza vinywaji Dar es Salaam, dada mwenye miaka sita kazini, aliyeomba kuwa Msimamizi wa Ghala. Wasaili walikuwa watatu, na kila mmoja alitoa alama hadi 5 kwa kila kigezo. Mwandishi wa barua asiishie kwenye alama. Asome maelezo yaliyoandikwa pembeni, atafute jambo ambalo wasaili wote waliliona, kila mmoja kwa maneno yake. Hilo ndilo pengo la kweli. Barua yake ingekuwa hivi:

"Ndugu,

Rejea mazungumzo yetu ya Jumatatu. Nathibitisha kwamba safari hii hukuchaguliwa kuwa Msimamizi wa Ghala. Najua ulijiandaa, na najua habari hii ni nzito.

Katika kuijua mali na kutunza kumbukumbu ulipata alama 14 kati ya 15. Ulieleza jinsi ulivyogundua upungufu wa kreti kwa kulinganisha hati za kupokelea mzigo na leja, na wasaili wote waliliandika jambo hilo.

Ulipopungukiwa ni katika kusimamia watu, alama 6 kati ya 15. Ulipoulizwa utafanyaje malori matatu yakifika pamoja huku watu wawili hawajaja, ulijibu kwamba utashusha mzigo mwenyewe na kubaki hadi usiku. Moyo huo ghala letu limenufaika nao. Lakini msimamizi akiwa juu ya lori, hakuna anayeamua lori lipi litangulie na nani akae wapi.

Kwa hiyo tumekubaliana na mkuu wako hatua mbili. Kuanzia tarehe 1 mwezi ujao, kwa miezi mitatu, utaongoza zamu ya Jumamosi yenye watu wanne, na siku hiyo hutashusha mzigo kwa mikono yako. Mwezi wa pili utaandaa ratiba ya zamu ya ghala zima kwa wiki nne. Mkuu wako atakaa nawe nusu saa kila baada ya wiki mbili. Mwisho wa mwezi wa tatu tutakutana sote watatu.

Hatua hizi si ahadi ya cheo. Nafasi ikipatikana itatangazwa, na utaomba pamoja na wengine. Tunachoahidi ni kukupa nafasi ya kulifanya lile ambalo usaili haukuliona kwako.

Ukiona kuna jambo hatukulielewa, karibu tuzungumze."

Barua hii haikutaja kozi. Kozi ya uongozi ingempa cheti, lakini siku ya malori matatu angepanda tena juu ya lori. Kumkataza kushusha kunamlazimisha kuyatumia macho na kauli yake.

Ratiba nayo ni mtihani wenye majibu yanayopimika. Kwa sheria ya kazi ya Tanzania Bara, saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, saa za ziada hazizidi 50 katika wiki nne, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa saa. Akiipanga ratiba ndani ya mipaka hiyo, ataona mwenyewe kwamba kubaki hadi usiku kuna gharama, na kwamba kumhamisha mtu mmoja kutoka asubuhi kwenda mchana huweza kuifuta.

Maendeleo yake yataonekana ghalani. Je, malori ya Jumamosi yanasubiri muda mfupi kuliko mwezi wa kwanza? Je, wale wanne bado wanamwita kwa kila kreti iliyovunjika, au wameanza kujua wafanye nini? Dalili mbaya mara nyingi hutoka juu: mkuu bado anawapigia simu wale wanne moja kwa moja. Hapo dada amepewa lawama bila mamlaka, na akishindwa, si yeye aliyeshindwa. Dalili nyingine ni miezi mitatu kugeuka minane kimyakimya. Zoezi lisilo na mwisho limekuwa kazi ya bure. Likiendelea, liitwe kukaimu na lilipiwe posho yake.

Yapo pia ya kutoandika. Usimlinganishe na aliyechaguliwa, maana kesho watafanya kazi pamoja. Usitaje mambo ya nyumbani, hata kwa huruma. Sentensi kama "tuliona una mtoto mchanga" inageuza uamuzi wote, kwa sababu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kama jinsia, ujauzito na majukumu ya familia, na upandishaji vyeo umo ndani ya katazo hilo. Sentensi hiyo ikifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, itakuwa ushahidi ulioandikwa na mwajiri mwenyewe.

Wakati mwingine mwandishi hufungua karatasi za usaili akakuta alama tupu, au maneno kama "hajaiva". Hapo asitunge sababu. Awarudie wasaili awaulize walisikia jibu gani lililowafanya waandike hivyo. Wakishindwa kulitaja, kasoro iko kwenye usaili, na mwombaji hana la kurekebisha mpaka usaili wenyewe urekebishwe.

Mimi siku hizi, kabla ya kutia saini barua kama hii, huandika tarehe ya kile kikao cha mwezi wa tatu kwenye shajara yangu na ya mkuu wake. Dada yule atakuja siku hiyo na ratiba yake mkononi. Akikuta mlango umefungwa, atakumbuka ile barua ya mistari mitatu na kuona kwamba angalau yenyewe haikumdanganya.