Kolesteroli ya Kurithi kwa Mtoto: Mambo Ambayo Mzazi Anapaswa Kuyajua

Vivimbe vya manjano kwenye viwiko, magoti, makalio au katikati ya vidole vya mtoto huweza kudhaniwa kuwa chunjua, vikakatwa na kusahauliwa. Wakati mwingine ni kolesteroli iliyojikusanya kwenye ngozi. Kabla ya kukubali vikatwe, omba mtoto apimwe kolesteroli ya damu.

Chanzo chake ni nini?

Ini huondoa kolesteroli ya aina ya LDL katika damu kwa kutumia vipokezi maalumu. Mtoto mwenye ugonjwa huu adimu amerithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama pia, hivyo vipokezi vyake ni vichache mno au havifanyi kazi. LDL yake mara nyingi huzidi milimoli 10 kwa lita, ilhali kwa watoto wengi huwa chini ya 3.4. Mishipa ya moyo na vali ya aota huweza kuathirika tangu utotoni. Chakula si chanzo cha hali hii, na lishe bora peke yake haiwezi kuiondoa. Wazazi na ndugu wa mtoto nao wapimwe.

Hutibiwaje?

Statini hutegemea vipokezi vilevile vilivyoharibika, hivyo msaada wake huwa na kikomo. Kwa sababu hiyo, watoto wengi huhitaji pia kusafishwa damu. Damu hutolewa mshipani, hupitishwa katika mashine inayonasa LDL, kisha hurudishwa mwilini. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa na hurudiwa kila wiki moja au mbili.

Tuchukue mfano wa mtoto mwenye LDL ya 16. Statini na ezetimibi zikiipunguza kwa robo, hubaki 12. Usafishaji ukiondoa thuluthi mbili, hubaki 4. Hata hivyo, ini huendelea kutengeneza kolesteroli, na kiwango huanza kupanda tena. Kwa hiyo kipimo kilichochukuliwa mara tu baada ya usafishaji hakionyeshi hali ya wiki nzima. Uliza matokeo ya kabla na ya baada, na usikubali vipindi virukwe kwa sababu ya namba moja nzuri.

Tahadhari

Mweleze daktari dawa zote anazotumia mtoto. Dawa za shinikizo la damu za kundi la enalaprili na kaptoprili, zikikutana na baadhi ya vichujio vya mashine, huweza kushusha shinikizo ghafla. Kizunguzungu au ganzi mdomoni wakati wa tiba viripotiwe papo hapo. Upungufu wa madini ya chuma nao huweza kutokea, hivyo upimwe mara kwa mara.

Ukiuziwa kinywaji cha “kusafisha mishipa” ili mtoto aache dawa, kikatae: hakuna kinywaji kinachorudisha vipokezi ambavyo mtoto hakuzaliwa navyo.